Kiti cha marehemu Pirrip: kisa cha Pip na kwa nini stelingi hana baba

Mwaka juzi nilikuwa naandika hadithi ya mfululizo kwenye grupu letu la Wasap, sehemu mbili kwa wiki, watu kama mia na kitu wanasoma. Stelingi wangu anaitwa Faraji, kijana wa Muheza, na kama kawaida yetu waandishi sehemu ya kwanza tu nikawaua wazazi wake wote wawili kwa ajali ya gari, aya moja, pwaa, wamekwisha. Sehemu ya pili Faraji yuko Kariakoo anabeba mizigo. Nilijiona fundi kweli. Sasa tumefika sehemu ya kumi na moja, dada wa tajiri ameshaanza kumpenda, akanitumia voisi shangazi mmoja wa humo grupuni, mtu mzima, msomaji wangu mzuri tu, akasema hivi: "Mwanangu, hadithi tamu, ila nina swali. Hao wazazi wa Faraji, nani kawazika?"

Nilikaa kimya siku mbili. Sikuwa na jibu. Swali linaonekana dogo ila lilibomoa hadithi nzima, maana kama kuna watu waliozika basi kuna baba mdogo, kuna shangazi, kuna kikao cha ukoo baada ya arobaini, kuna shamba la minazi ambalo mtu analitaka, na Faraji hawezi kuwa Kariakoo wiki inayofuata kama kipeperushi kilichobebwa na upepo. Nilikuwa nimeua watu wawili ili nipate njia ya mkato, na hiyo njia haikwenda popote.

Nikarudi kusoma kisa ambacho kwa maoni yangu ndo kimefanya hii kazi ya yatima vizuri kuliko vyote nilivyosoma, Great Expectations ya Charles Dickens. Nacho kilitoka kwa vipande kila wiki, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861, kwenye jarida la Dickens mwenyewe, kwa hiyo jamaa alikuwa na presha ile ile tuliyonayo sisi, msomaji akichoka wiki hii wiki ijayo hanunui. Nilikisoma safari hii na swali moja tu kichwani: wazazi wa huyu mtoto wamekufa, sawa, kifo chao kinafanya kazi gani?

Cheki anavyoanza. Mtoto anaitwa Philip Pirrip, ulimi wake mdogo ulishindwa kulitamka akajiita Pip, ana kama miaka saba, yuko peke yake makaburini jioni ya baridi siku ya mkesha wa Krismasi, sehemu za mabwawa kando ya mto Thames. Hakuwahi kuwaona wazazi wake, hata picha hana, kamera zilikuwa bado. Kwa hiyo anasoma mawe. Maandishi ya kaburi la baba yana herufi nene za mraba, basi yeye anaamini baba alikuwa mtu wa miraba minne, mweusi mweusi, nywele za kujisokota. La mama limeandikwa tu kwamba naye Georgiana, mke wa huyo aliyetajwa juu, yuko hapo, basi mtoto anaona mama alikuwa na madoadoa usoni na mgonjwa mgonjwa. Pembeni kuna vijiwe vitano vidogo vya ndugu zake wa kiume waliokufa wachanga.

Hapo usipite haraka. Mtoto ametengeneza baba kutokana na umbo la herufi. Hajui lolote, akachukua alama alizonazo akajitungia mzazi, na akaamini. Hii tabia ndo itamponza kurasa mia mbili mbele, ila bado hatujui.

Alafu anatokea mfungwa. Mtu wa kutisha, pingu nzito mguuni, ametoroka kwenye zile meli mbovu walizokuwa wanatumia kama magereza, anamshika mtoto anamgeuza miguu juu kichwa chini mfuko umwagike. Kisha anaanza kumhoji, na mahojiano yale ni somo zima la uandishi. Anauliza mama yako yuko wapi, mtoto anajibu "yule pale," jamaa anashtuka anataka kukimbia, kumbe mtoto anaonyesha jiwe. Na baba? Yuko naye hapo hapo. Mfungwa anaguna kidogo, anawaza, alafu anauliza sasa unaishi na nani, kama nitakuacha uishi, maana bado sijaamua. Mtoto anasema na dada yangu, mke wa Joe Gargery, mhunzi. "Mhunzi, eh?" anasema jamaa, na anaangalia mguu wake.

Umeona kilichotokea? Maswali matatu. Swali la kwanza na la pili yanamhakikishia kwamba huyu mtoto hana wa kumkimbilia. La tatu linampa alichokuwa anakihitaji, maana kwa mhunzi kuna tupa, na tupa inakata pingu. Anamtisha mtoto amletee tupa na chakula kesho asubuhi. Uyatima hapa haujawekwa ili tumwonee mtoto huruma, japo huruma ipo. Umewekwa kama kufuli lililofunguliwa, na mtu wa kwanza kuligundua ni mhalifu, anaangalia kama mwizi anavyojaribu mlango.

Mi sasa nikafanya jaribio. Nikasema ngoja nimfufue mzee Pirrip. Simfufui yule wa kwenye jiwe, namweka baba wa kawaida, fundi au mkulima, mtu anayerudi jioni anauliza umeshindaje. Alafu nipite kwenye riwaya sehemu kwa sehemu nione wapi panavunjika.

Pa kwanza panavunjika asubuhi ya Krismasi. Pip anaiba chakula kabatini, kuna mkate na pai ya nyama ya nguruwe na brandi anayoijaza maji kufidia, ila kumbe alichojazia si maji bali ni dawa chungu ya lami, na mgeni akinywa mezani anaruka kama kapigwa shoti. Mtoto anatetemeka siku nzima amebeba siri peke yake. Mwenye baba angesema. Labda si siku hiyo, labda usiku, ila angesema, na mzee angechukua taa na majirani wawili wangeenda mabwawani, kisa kikaishia hapo, kurasa thelathini. Badala yake siri inabaki kwa mtoto, na mfungwa alipokamatwa na askari akamlinda, akasema chakula nimeiba mwenyewe. Kumbukeni hilo, wawili hawa wameshafichiana siri, wameshakuwa na undugu fulani.

Lakini subiri, mtasema Pip hakuwa peke yake, kuna dada na kuna Joe. Kweli kabisa, na hapa ndo Dickens anaonyesha ufundi ambao mi kwa Faraji wangu sikuwa nao hata robo. Kuua wazazi ni rahisi. Kazi ngumu ni kuwashughulikia watu wazima waliobaki, maana yatima siku zote ana mtu, na ukimwacha huyo mtu afanye kazi ya mzazi vizuri basi kiti cha mzazi kimekaliwa na hadithi imelala.

Dada anamzidi Pip kwa zaidi ya miaka ishirini, na anajisifu kila siku kijiji kizima kwamba kamlea huyu mtoto "kwa mkono." Kwa Kiingereza cha enzi zile maana yake alimlisha kwa kijiko na chupa kwa kuwa hakunyonya. Ila Pip kwa akili yake ya kitoto anaona mkono wa dada ni mzito, unampiga yeye na unampiga mumewe, basi anadhani ndo maana yake, wote wawili wamelelewa kwa mkono. Ana na fimbo yake maalumu. Huyu mama ni mlezi wa chakula na viboko, wa kumwambia siri si yeye.

Joe ndo shida ya mwandishi. Joe ni mtu mzuri sana, mpole, anampenda Pip kuliko wote. Huyo ni baba tayari! Kwa hiyo Dickens anamfunga mikono, na hamfungi ovyo, anatoa sababu. Jioni moja kwenye moto Joe anamweleza Pip kwamba baba yake mwenyewe alikuwa mlevi anampiga mama, mama anachukua mtoto anakimbia, baba anawafuata anawarudisha, na kwa ajili hiyo Joe hakusoma, kwenye ukurasa mzima anatambua herufi mbili tu, J na O. Na kwa kuwa alimwona mama yake akiteseka, anaogopa sana kukosea kwa mwanamke, bora akosee upande wa kunyamaza. Basi mkewe akimpiga mtoto Joe ananyamaza. Anampa Pip mchuzi zaidi kwenye sahani, ndo msaada wake. Kila mara Pip akichambwa mezani, mchuzi unaongezwa. Hiyo ni picha ya mtu aliye karibu na kiti cha baba ila hakai.

Pa pili panavunjika pale anapopelekwa kwa Bi Havisham, yule mwanamke tajiri aliyeachwa siku ya harusi, saa zote za nyumbani zimesimama, gauni la harusi bado mwilini limegeuka njano, keki imeoza mezani. Anataka mtoto wa kiume aje acheze mbele yake. Mtoto anabebwa tu, anasuguliwa kwa sabuni, anavalishwa, anapelekwa, hakuna hata mmoja anayeuliza kacheze nini, kwa nini, utarudi lini. Dada na mjomba wa Joe, yule mpenda sifa Pumblechook, wanaona hela mbele. Baba yeyote mwenye akili angeuliza. Huko Pip anakutana na Estella, binti aliyelelewa na Bi Havisham, mzuri, mkali, anamcheka mikono yake migumu na viatu vyake vizito, na kuanzia siku hiyo Pip anaona aibu ya kwao.

Alafu Dickens anafanya kitu ambacho kwenye usomaji wa kwanza sikukiona kabisa. Dada anavamiwa nyumbani, anapigwa kichwani, hafi, ila anapoteza usemi na akili inakuwa ya kitoto. Na kilichompiga ni pingu ya mguuni iliyokatwa kwa tupa, ndio, pingu ile ile. Kwa hiyo Pip anajiona kama yeye ndo katoa silaha. Ila ukiangalia kimuundo, ni kwamba amefanywa yatima mara ya pili. Yule aliyekuwa na mkono mzito hana tena mkono. Na hilo limepangwa kabla ya wakili kufika, si baada.

Sasa wakili. Bwana Jaggers kutoka London anaingia kwenye kilabu cha pombe kijijini, Pip yuko mwaka wa nne wa kujifunza uhunzi kwa Joe, akasema huyu kijana ana mali kubwa inamsubiri, aondoke hapa akalelewe kama bwana mkubwa. Masharti mawili: ataendelea kutumia jina la Pip, na asiulize anayetoa ni nani, hata kwa kudokeza, mpaka mwenyewe ajitokeze. Neno lenyewe la kichwa cha riwaya wakati ule lilimaanisha hicho, mali unayotegemea kurithi.

Hapa ndo jaribio langu la baba lilipovunja kila kitu. Mweke baba hapo chumbani. Mtu asiyejulikana anataka kumchukua mwanao, anampa hela, na sharti ni usiulize nani. Mzee gani anakubali? Angesema wakili tafadhali kaa chini, kunywa chai, alafu niambie. Na kama wakili angekataa, mzee angevaa kofia angekwenda mpaka kwa Bi Havisham, tajiri ambaye angedhaniwa kwanza, amuulize uso kwa uso, ni wewe? Angejibu si mimi, na sehemu ya pili ya riwaya nzima inakufa. Hilo swali moja, dakika tano, hakuna aliyeliuliza kwa miaka kama mitano.

Joe anaulizwa na Jaggers, unataka fidia gani kwa kumpoteza mwanafunzi wako? Kisheria anaulizwa kama bosi aliyesaini mkataba wa uanagenzi, haulizwi kama mzazi, na Joe anajua. Anaweka mkono begani kwa Pip, anasema hataki kitu. Jaggers akimsukuma sana anakunja ngumi, nusura wapigane. Ni hapo tu Joe anakaribia kukaa kwenye kile kiti, na kijana mwenyewe wakati huo macho yako London. Jioni wanajaribu kumweleza dada habari, anacheka anatikisa kichwa, anarudia maneno kama mtoto, haelewi. Ndugu wa damu pekee aliyebaki, na habari kubwa kuliko zote za familia haimwingii. Mi pale nilifunga kitabu kidogo.

Na Pip bila wa kumuuliza anafanya nini? Anafanya kama alivyofanya makaburini. Anachukua alama alizonazo. Jaggers ni wakili wa Bi Havisham pia. Mwalimu aliyepangiwa, Matthew Pocket, ni ndugu wa Bi Havisham. Basi ni Bi Havisham, na kama ni yeye basi ananiandaa nimwoe Estella. Ametengeneza mzazi kutokana na umbo la herufi, tena. Na kila ushahidi aliouona ni wa kweli kabisa, kilichokosekana ni mtu mzima mmoja wa kumwambia mwanangu, hizo ni alama tu.

Miaka inapita. Pip ana ishirini na tatu, usiku wa dhoruba, mtu anapanda ngazi za nyumba yake London. Mzee mwenye nguo za safari, mikono imekomaa, anatabasamu kama anamjua. Ni yule mfungwa wa mabwawani, Magwitch. Alipelekwa Australia, akafuga kondoo, akachuma, na kila senti alikuwa anaituma kumfanya yule mtoto wa tupa awe bwana. Amerudi kumwona kwa macho yake, na akikamatwa ni kunyongwa. Na neno analosema ni hili, tafsiri yangu: mimi ni baba yako wa pili, wewe ni mwanangu, zaidi ya mwana yeyote.

Hapo ndo nikajua kiti kilikuwa kinasubiri nani. Sentensi hiyo haiwezi kusemwa kwa mtu mwenye baba. Ukiwa na baba, Magwitch ni mfadhili wa ajabu tu, unamshukuru unampa chai. Kwa yatima anadai nafasi yenyewe. Na Pip anahisi kichefuchefu, kwa sababu nafasi alishamgawia mwingine kichwani, mwenye nyumba kubwa na vito. Mtu yule yule aliyemuuliza baba yako yuko wapi, akaambiwa yuko kaburini, ndo aliyekwenda ng'ambo ya dunia akarudi kujibu swali lake mwenyewe. Dickens aliweka jibu ukurasa wa kwanza na sisi wote tukalipita.

Kitu kingine kinachonifurahisha, humo humo kwenye riwaya ameweka watu wenye wazazi, kama vile anatuonyesha vipimo. Herbert, rafiki wa Pip anayekaa naye, ana baba na mama wazima, nyumba imejaa watoto wanaoanguka anguka, mama anasoma kitabu cha ukoo wa mabwana wakubwa huku mtoto mchanga anachezea kitu cha hatari. Herbert ni kijana mzuri kuliko Pip mara mbili, ila hakuna kinachomtokea. Kila siku anakwenda mjini "kuangalia angalia" fursa. Mpaka Pip kwa siri anamnunulia ubia kwenye kampuni, ndo maisha yake yanaanza. Mwenye wazazi anasubiri yatima amletee tukio!

Wemmick, karani wa Jaggers, ana baba mzee kiziwi nyumbani, wanaishi kwenye kinyumba kilichojengwa kama ngome, na daraja la kunyanyua, na kila usiku saa tatu wanapiga mzinga mdogo ili mzee afurahi kwa kuwa ndo sauti anayoisikia. Ofisini Wemmick ni chuma, akivuka daraja ni mwana. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpeleka mbali, jioni lazima arudi. Ndo maana anakaa pembeni ya hadithi, na ndo maana tunampenda.

Estella sasa ndo kioo. Anajulikana kama yatima aliyeasiliwa, kumbe wazazi wote wawili wako hai miaka yote hiyo, mama ni mtumishi nyumbani kwa wakili, na baba ni Magwitch mwenyewe, aliyeambiwa binti yake alikufa. Kwa hiyo yule mzee alikuwa na kiti kitupu upande wa pili, cha mtoto, na alimkalisha Pip hapo. Hii ya mwisho wengine wanaiona imezidi, sadfa nyingi, na mi sikatai, kuna mahali unasikia mashine inalia. Ila sadfa hiyo ina faida moja, Magwitch anapokufa kitandani gerezani, Pip anaweza kumwambia binti yako yupo, ni mzuri, na mimi nampenda. Mtoto anampa baba habari ya mtoto.

Sasa gharama. Waandishi wengi tunapenda yatima kwa sababu yuko huru, hana wa kumkataza, stelingi anaondoka asubuhi haagi. Dickens anatoza huo uhuru. Joe anakuja London kumtembelea Pip, kavaa suti inayombana, hajui kofia aiweke wapi, anaiweka ukingoni mwa rafu ya moto na kila mara inaanguka, anaidaka, anairudisha, inaanguka tena, na anamwita Pip "bwana." Pip ana hasira na ile kofia. Mtu mwenye baba hai akimwaibikia baba yake anajua anachofanya, ni dhambi yenye jina. Pip hana jina la kosa lake, kwa sababu Joe kwenye makaratasi si baba, ni shemeji, ni bosi wa zamani. Pengo lile lile lililomfungulia njia ndo linamruhusu kuwa mtovu wa fadhila bila kujijua. Baadaye mali yote ya Magwitch inachukuliwa na serikali, Pip anaugua, ana madeni, akifungua macho anayemlisha ni Joe, na deni Joe amelipa kimya kimya akaondoka alfajiri.

Na niseme hili pembeni. Dickens mwenyewe hakuwa yatima. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea kwa deni, yeye ana miaka kumi na miwili akawa anabandika lebo kwenye vyungu vidogo vya dawa ya viatu, na baadaye mama alitaka aendelee na kazi hiyo hiyo. Wazazi wako hai, wamekaa kwenye viti vyao, na mtoto yuko kiwandani. Hiyo nafikiri ni ngumu kuandika kuliko kifo. Mzazi aliyekufa hajibu, hajitetei, unaweza kumsamehe kwenye jiwe.

Kwetu mambo yana sura nyingine kidogo. Kiti cha mzazi Uswahilini hakibaki kitupu hata wiki, baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, na majina yenyewe yanasema. Hadithi za bibi zilijua hilo, ndo maana mara nyingi mama akifa haziachi pengo, zinamweka mama wa kambo siku ya pili na ugomvi unaanzia hapo. Ken Walibora kwenye Siku Njema, 1996, alichukua njia nyingine, mama wa kijana anayeitwa Kongowea anakufa na baba hajulikani vizuri aliko, yuko Kenya, basi pengo linageuka kuwa safari, kijana anaondoka Tanga kumtafuta. Kote huko mwandishi amejiuliza kiti kimebaki vipi, na nani anakitaka.

Kosa langu kwa Faraji likaonekana wazi. Ukiondoa kifo cha wazazi wake kwenye sehemu ya kwanza ukasema tu kaja Dar kutafuta maisha, hakuna sehemu hata moja kati ya zile kumi na moja inayobadilika. Hicho ndo kipimo ninachotumia sasa, nafuta kifo alafu nasoma tena, kama hadithi haijajikwaa popote basi nimeua bure. Na nilichokiruka ndo kilikuwa nyama yenyewe: kikao cha ukoo. Watu wamekaa kwenye mikeka, mtu anaandika muhtasari wa kwenda Mahakama ya Mwanzo, wanamteua msimamizi wa mirathi, na kijana wa miaka kumi na saba amekaa mlangoni anasikia jina la baba mdogo likitajwa na watu wanasema naam, huyo anafaa. Jaggers wetu si mgeni kutoka mjini, ni mtu anayefanana na marehemu sura na sauti.

Nikaiandika upya kutoka mwanzo. Baba mdogo nimemfanya mtu mzuri, kama Joe, mpole, ndo yeye kawaosha na kuwazika, Faraji anampenda. Ila shamba kaliuza, hela alilipia matibabu ya mwanawe, na hajasema. Faraji kaondoka Muheza akidhani shamba lipo na linamsubiri, kila anachofanya Kariakoo anafanya kama mtu mwenye shamba. Kutuma sehemu ya kwanza tu, shangazi akajibu ndani ya dakika kumi, voisi fupi, nyuma nasikia chungu kinachemka: "Huyo baba mdogo mbona simwamini?"